Skripti ya tangazo la redio sekunde 30: kinanda kibovu, maneno 50 na maelekezo ya sauti

Swali: "Habari kaka, ticha wetu wa somo la media katupa kazi ya kuandika skripti ya tangazo la redio la sekunde 30, la kuchangisha hela shule inunue kinanda kipya, cha sasa kina kitufe kimekufa. Tutafanya tamasha la muziki shuleni, kiingilio ndo mchango wenyewe. Mimi nimeandika karibu ukurasa mzima, inaanza 'Je, wewe ni mzazi, mlezi au mdau wa elimu?' ila nikisoma inapita dakika. Alafu anataka maelekezo ya sauti, mimi nimeweka tu (muziki) mwanzo na mwisho. Nirekebishe vipi?"

Jibu:

Mdogo wangu, una bahati ambayo wenzako wengi darasani hawana, shida ya shule yenu inasikika. Yupo atakayechangisha kwa ajili ya madawati, yupo wa rangi ya ukuta, na hao itabidi waeleze kwa maneno manake dawati bovu halina sauti ya maana. Wewe una kinanda chenye noti iliyokufa, yaani msikilizaji anaweza kuisikia shida kwa sikio lake kabla hujamwambia kitu. Kwa hiyo ule ukurasa weka pembeni, usianze kuupunguza, manake ukipunguza ukurasa unapata tu ukurasa mfupi wenye mawazo yale yale saba. Anza na sauti, maneno yaje baadae kujaza pale ambapo sauti haiwezi kusema.

Tuanze na muda kwanza, manake ndo umekubana. Mtandaoni utakuta kanuni ya maneno 75 au 80 kwa sekunde 30, hiyo ni ya Kiingereza, usiifuate. Maneno yetu ni marefu, "kinanunua" peke yake ina silabi tano, kwa hiyo ukihesabu maneno utajidanganya, hesabu silabi. Msomaji wa tangazo anayesoma bila kukimbizwa anatoa silabi 5 mpaka 6 hivi kwa sekunde. Usiniamini kichwa kichwa, chukua aya yoyote, hesabu silabi zake, isome kwa sauti ya kutangaza huku simu inahesabu sekunde, gawanya, hiyo ndo spidi yako. Na usome kwa sauti kweli, ukisoma kimoyomoyo unakuwa na haraka kuliko mdomo, hapo ndo wengi wanajikuta wana sekunde 38.

Na kumbuka sekunde 30 zote sio za maneno. Sauti zenyewe zinakula muda, kwenye hili tangazo lako nazipa kama sekunde 8, na sekunde moja na nusu hivi za kupumua kati ya msemaji mmoja na mwingine. Zinabaki 20 na kitu za kusema. Kwa spidi ya silabi 6 ni kama silabi 120, basi. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini ile "Je, wewe ni mzazi, mlezi au mdau wa elimu?" haina pa kukaa, ile sentensi peke yake ina silabi kama 19, ni sekunde tatu za kumuuliza mtu kitu ambacho anakijua na hakijamgusa popote. Siku hizi kila tangazo linaanza na "Je", sikio limeshajifunza kuliruka.

Haya, wazo. Kuna ngazi ya muziki ambayo kila mtu anaijua hata kama hajawahi kugusa kinanda: do re mi fa so la ti do. Ukimpigia mtu do re mi fa so alafu ukasimama, sikio lake lenyewe linaisubiri la. Sasa pale pale kwenye la, badala ya noti, msikilizaji asikie kitufe kinagonga, TOK. Hapo umeshaeleza tatizo la shule nzima ndani ya sekunde tatu bila neno hata moja. Na kizuri kingine, ngazi haina mwenyewe, hamna wa kukudai haki ya wimbo. Wenzako watakaoweka wimbo wa msanii anayevuma wanaweza kuambiwa na kituo cha redio walete karatasi ya ruhusa, wewe huna hilo tatizo.

Nakuandikia skripti nzima, alafu nakueleza kila kitu kimekaa pale kwa nini. Herufi kubwa ni za mtu wa studio, hazisomwi, kinachosemwa kiko kwenye alama za kunukuu.

TANGAZO: NOTI YA SITA. MUDA: SEKUNDE 30. SAUTI: MWANAFUNZI, MTANGAZAJI.

EFEKTI: KINANDA, VITUFE VYA KATIKATI. DO, RE, MI, FA, SO, NUSU SEKUNDE KILA NOTI. MAHALI PA LA, KITUFE KINAGONGA BILA NOTI: TOK. KIMYA SEKUNDE 1. (JUMLA SEK. 4)

MWANAFUNZI (KARIBU NA MAIKI, KAMA ANAONGEA NA MTU MMOJA): "Umesikia? Noti ya sita haipo."

EFEKTI: KITUFE KILE KILE, TOK TOK. (SEK. 1)

MWANAFUNZI: "Hiki ndicho kinanda pekee cha shule yetu. Wote tunajifunzia hapa."

KWAYA: MVUMO WA MIDOMO ILIYOFUNGWA, HAKUNA MANENO. INAINGIA TARATIBU KWENYE "JUMAMOSI", INAKAA CHINI YA MTANGAZAJI, INAKATIKA GHAFLA BAADA YA "KIPYA".

MTANGAZAJI: "Jumamosi tarehe kumi na nne, saa kumi jioni, njoo kwenye tamasha la muziki, ukumbi wa shule ya (JINA). Kiingilio chote kinanunua kinanda kipya."

MWANAFUNZI (HAKUNA MUZIKI CHINI): "Tarehe kumi na nne, saa kumi jioni. Njoo utununulie noti ya sita."

EFEKTI: KINANDA HARAKA KIDOGO, DO RE MI FA SO. KWAYA INAIMBA "LAAA" MAHALI PA TOK. KINANDA KINAMALIZIA TI, DO. (SEK. 3)

MWISHO.

Hapo kuna maneno 50, silabi 123 kama jina la shule yenu ni la silabi tatu. Kama shule inaitwa jina refu la maneno manne, hesabu upya. 123 ukigawa kwa 6 ni sekunde 20 na nusu, jumlisha 8 za sauti ni 28 na nusu, inabaki ile moja na nusu ya pumzi. Kama msomaji wenu ni wa taratibu, wa silabi 5 kwa sekunde, atapitiliza mpaka 32 na nusu hivi hata kabla ya pumzi, na hapo usimwambie akimbie, msomaji anayekimbia anasikika anakimbia. Toa "Wote tunajifunzia hapa" na ile TOK TOK ya pili, utaokoa sekunde tatu. Nimeziweka kwa sababu ni tamu ila tangazo linasimama bila hizo. Na ukishazitoa pumzi itabaki ndogo sana, kwa hiyo kama kuna mwanafunzi mwingine ambae kawaida yake anaongea kwa spidi kidogo, mpe yeye maiki.

Sasa yale maelekezo ya sauti, ndo swali lako hasa. Ukiandika (muziki) mtu wa studio anabaki na maswali: muziki gani, uanze wapi, uwe mkubwa kiasi gani mtu akiongea, uishe lini na uishe vipi, ukatike au ufifie. Elekezo likikamilika linajibu hayo yote, na cha muhimu zaidi linajibu kwa kutumia neno la kwenye skripti. Angalia pale kwenye kwaya, sijaandika "iingie sekunde ya 12", nimeandika iingie kwenye "Jumamosi". Manake msomaji akichelewa sekunde moja, ile sekunde ya 12 inakuwa ya uongo, ila neno "Jumamosi" linabaki pale pale. Muda kwenye mabano nauweka kwa vitu ambavyo havina neno la kushikilia, kama ile ngazi ya mwanzo.

Angalia pia kimya nimekiandika kama efekti. Usipoandika "kimya sekunde 1" mtu anayehariri ataona pengo, atadhani ni makosa, ataliziba, na ukiliziba ile TOK inapotea kabisa manake msikilizaji hajapewa nafasi ya kugundua kwamba kuna kitu kimekosekana. Ila sekunde moja inatosha, usije ukanogewa ukaweka tatu, redioni kimya cha sekunde tatu mtu anadhani kituo kimekata anahama.

Kosa kubwa la efekti za redio ni hili, sauti ikikosa picha inakuwa sauti ya kitu chochote. Mvua ikirekodiwa vibaya inasikika kama kitu kinakaangwa, karatasi ikikunjwa inasikika kama moto. TOK yako peke yake ni mtu anabisha hodi mlangoni. Kinachoifanya iwe kitufe cha kinanda ni vitu viwili. Cha kwanza ni mapigo, zile noti tano lazima ziende kwa mwendo mmoja usioyumba na TOK idondoke pale pale ambapo noti ya sita ingekuwa, ikichelewa hata robo sekunde sikio linaihesabu kama tukio lingine. Cha pili ni mstari wa mwanafunzi, "Noti ya sita haipo", unaokuja mara tu baada ya kimya kumhakikishia msikilizaji alichokihisi. Ukiweka huo mstari kabla ya TOK umeua kila kitu, unakuwa unamwambia mtu mwisho wa kichekesho alafu ndo unaanza kukisimulia.

Namna ya kujua kama imefanya kazi ni rahisi, mchezeshee mtu ambae hajui chochote kuhusu hii kazi, zile sekunde nne za kwanza tu, muulize umesikia nini. Usimuulize "umesikia kinanda kibovu?" hapo umeshampa jibu. Akisema "mtu anapiga kinanda alafu kimegoma" umemaliza. Akisema mlango, au "kuna kitu kimeanguka", rudi kwenye mapigo.

Kuhusu kurekodi hiyo TOK, usirekodi yote kwa mkupuo mmoja. Kinanda chenu nadhani ni cha umeme, kitufe kilichokufa kikibonyezwa kinatoa mgongano mdogo sana wa plastiki, na noti zenyewe zinatoka kwenye spika kwa sauti kubwa, ukiweka maiki moja kwa vyote utapata noti na hutapata TOK. Rekodi ngazi kwanza. Alafu zima kinanda kabisa, sogeza maiki au simu karibu kabisa na kitufe, kipige mara kumi na zaidi kwa nguvu tofauti, chagua moja. Kwenye kompyuta unaipachika mahali pake. Na ngazi ipigwe katikati ya kinanda, sio upande wa kushoto, noti nzito zinapotea kwenye spika ndogo ya simu na redio ndogo, na huko ndiko tangazo litasikilizwa.

Kwaya nimeiambia ivume tu midomo imefungwa kwa sababu maneno mawili hayakai pamoja. Ukiweka wimbo wenye maneno chini ya mtangazaji, sikio linagawanyika, na kitakachopotea ni tarehe, yaani kile kitu pekee ambacho huwezi kukubali kipotee. Huo mvumo ndo bedi yako, yaani muziki unaolala chini ya maneno, uwe chini ya sauti ya mtangazaji kama desibeli 15 hivi. Kama unahariri kwa Audacity kuna efekti inaitwa Auto Duck inayoshusha muziki yenyewe mtu akiongea, weka mstari wa sauti ya mtangazaji chini ya mstari wa kwaya, chagua kwaya peke yake, alafu ndo uite hiyo efekti. Inakuja na Duck amount ya -12 dB, ni pa kuanzia, shusha zaidi kama bado. Ila kipimo cha kweli ni masikio, punguza sauti ya simu mpaka karibu na mwisho, iweke upande wa pili wa chumba, sikiliza. Ukilazimika kukaza sikio kusikia "kumi na nne", kwaya iko juu.

Alafu nimeikata ghafla baada ya "kipya", sijaifanya ififie taratibu. Mwanafunzi anaporudia tarehe anaongea pakavu, hamna kitu chini, na sikio lolote lililokuwa limezoea mvumo linashtuka kidogo na kusikiliza. Ndo sababu ya kurudia tarehe pale na sio sehemu nyingine. Msikilizaji wa redio hana pa kurudi kusoma, alichokikosa kimeenda, kwa hiyo tarehe na saa zinatajwa mara mbili, vingine vyote mara moja.

Namba ya simu nimeiacha makusudi, najua mwalimu au kamati watakwambia iwekwe. Namba ya tarakimu kumi ikisomwa moja moja ni silabi 22 hivi, karibu sekunde nne, na kwa kuwa hamna anaekumbuka namba aliyoisikia mara moja utabidi uirudie, sekunde nane zimeondoka na mtu bado yuko njiani hana kalamu. Msikilizaji unamwomba kitendo kimoja tu, aje ukumbini. Ukimwomba aje, au apige, au atume mchango, au aangalie ukurasa wa shule, hafanyi hata kimoja.

Andika namba zote kwa maneno kama nilivyofanya, "kumi na nne" sio 14, kwa sababu mbili: msomaji hasiti mbele ya maiki, na wewe silabi zake unaziona. Na taja tarehe kabisa, sio "Jumamosi hii". Tangazo linachezwa siku nyingi, likichezwa Jumapili ya wiki iliyotangulia "Jumamosi hii" kuna atakaeielewa kivingine.

Kuna kitu kimoja sio cha ufundi ila kitakugharimu usipokiangalia. Nimeandika "Kiingilio chote" na "kinanda pekee". Haya ni madai. Kama sehemu ya kiingilio italipia kukodi spika za tamasha, sio chote, na huwezi kuwaambia watu ni chote wakati unachukua hela yao. Muulize anayeshika hesabu ya tamasha kabla hujarekodi. Ikiwa sio chote sema "Kiingilio chako kitasaidia kununua kinanda kipya", inaongeza silabi tano, karibu sekunde nzima, kwa hiyo toa ile TOK TOK ya pili zipate pa kuingia. Na kama kuna kinanda kingine kinakaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, toa "pekee", manake wanafunzi wenzako ndo watakuwa wa kwanza kucheka.

Wasemaji niliwaweka wawili na ningekushauri usiongeze. Ndani ya nusu dakika msikilizaji anaweza kuzitofautisha sauti mbili kama ziko mbali, mwanafunzi mwenye sauti nyembamba na mtangazaji mtu mzima kwa mfano. Ukichukua marafiki wawili wa darasa moja wa jinsia moja wanasikika mtu mmoja anayejijibu. Mwanafunzi ana hadithi, mtangazaji ana taarifa, usiwachanganye kazi. Mwanafunzi akae sentimita 15 hivi kutoka kwenye maiki na aelekeze mdomo pembeni kidogo, sio usawa kabisa, manake "p" ya "haipo" na "pekee" zinapuliza hewa na zikigonga maiki moja kwa moja zinatoa PUF ambayo huwezi kuitoa vizuri baadae.

Kwa vile hii ni kazi ya darasa, ticha atataka kuona unajua ulichofanya, sio skripti tupu. Chini ya skripti weka aya moja fupi: kinanda ni sauti iliyo ndani ya tukio, wasemaji wanaisikia na wanaizungumzia, mvumo wa kwaya uko nje ya tukio, upo kwa ajili ya msikilizaji tu. Mwishoni ile kwaya inahama, inaingia ndani ya tukio inapojibu mahali pa TOK, yaani wanafunzi wanaziba kwa midomo yao noti ambayo kinanda hakina. Hapo ndo penye marksi, hiyo kuhama iandike waziwazi usitegemee ataigundua mwenyewe. Na hiyo "laaa" iwe kwenye noti yenyewe ya la kweli, wapigieni kwaya kwenye kinanda kizima au kwenye simu kabla ya kurekodi. Wakiimba karibu karibu tu sikio litasikia kosa la kwaya badala ya ngazi iliyokamilika.

Cha mwisho ni mkia. Noti ya mwisho ikipigwa inaendelea kulia baada ya kidole kuondoka, na mlio huo nao unahesabika. Faili likifika sekunde 30.6 kituo kitakata palipoandikwa 30, na utasikia do yako imekatwa kama imepigwa shoka. Lenga 29 na nusu mpaka mkia unyamaze wenyewe, alafu pima kwa faili lililokwisha kuhifadhiwa, sio kwa macho kwenye dirisha la kuhariri.